Nimekataa Kisu, Sikukataa Dawa

Katika wodi nyingi za hospitali zetu kuna karatasi moja ambayo mgonjwa huletewa akisema anataka kwenda zake kabla daktari hajamruhusu. Maneno yake hayatofautiani sana kutoka hospitali moja hadi nyingine: "Mimi fulani nimeamua kuondoka kwa hiari yangu mwenyewe, kinyume cha ushauri wa daktari. Hospitali na wafanyakazi wake hawatawajibika kwa jambo lolote litakalonipata." Chini kuna mstari wa sahihi, mstari wa shahidi, na tarehe. Mgonjwa hutia sahihi au kidole gumba, sindano ya dripu hutolewa mkononi, na jamaa hukusanya mashuka.

Isome tena karatasi hiyo. Haisemi mtu huyo anaumwa nini, alishauriwa atibiwe vipi, wala aliambiwa nini kingeweza kumpata akiondoka. Anayeishika wiki mbili baadaye, awe daktari mwingine au hakimu, hajui kama mgonjwa alielewa alichokikataa. Na lile neno "jambo lolote" halina nguvu kama linavyosikika. Daktari aliyezembea hasafishiki kwa sababu mgonjwa alitia sahihi. Kinachomlinda ni ushahidi kwamba alimweleza mgonjwa vizuri, naye akaelewa na kuamua.

Hapa Kenya sheria iko wazi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njias za matibabu zilizopo pamoja na faida, hatari na gharama zake, na kwamba ana haki ya kukataa. Akikataa, aelezwe pia athari za kukataa huko. Maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa na kwa kadiri ya elimu yake. Kisha sheria inasema mhudumu anaweza, akiona inafaa, kumtaka mgonjwa athibitishe kukataa kwake kwa njia rasmi. Angalia mpangilio huo: maelezo ni lazima, fomu ni hiari ya mhudumu. Wodini mara nyingi mambo hugeuzwa, fomu ikawa ndiyo lazima na maelezo yakaachwa.

Tuchukue mfano wa aina inayoonekana sana Pwani. Mvuvi wa miaka 58 ana kisukari cha muda mrefu. Alikanyaga mwiba akiwa pekupeku asihisi kitu, kwa kuwa sukari ilikwishaua hisia za nyayo. Anafika hospitali vidole viwili vya mguu wa kulia vimekuwa vyeusi, vinatoa maji na harufu, na unyayo umevimba. Joto la mwili ni 38.9, sukari ni 22. Daktari anaanzisha antibayotiki za mshipani na insulini, na anasema vidole vile viondolewe leo au kesho. Mzee anasikia neno "kukatwa". Anakaa kitandani, anashusha miguu, anaulizia viatu vyake.

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kutengenea. Muuguzi mwenye haraka atasema, "Mzee, ukitoka hapa utakufa, shauri yako," na kwenda kuitafuta fomu. Mwenye uzoefu huvuta kiti.

"Baba, nimesikia unataka kwenda nyumbani. Hakuna atakayekufungia mlango. Nieleze tu, ni jambo gani linalokufanya utake kuondoka leo?"

Swali hilo halimwiti mtu mbishi, na jibu lake mara nyingi si lile lililotarajiwa. Mwingine ameacha watoto peke yao. Mwingine anaumwa usiku kucha na hajapewa dawa ya maumivu ya kutosha. Mwingine anaogopa bili, na huyo anayemhitaji ni afisa wa maslahi ya jamii wa hospitali, amsaidie kuhusu SHA au kuomba msamaha wa malipo. Kwa njia, deni si sababu ya kumzuia mtu wodini. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 2015 katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa.

Mvuvi wetu anasema: "Jirani yangu walianza na kidole. Wakarudi wakakata mguu. Wakarudi tena wakakata paja. Akafa. Mimi sitaki kuanza." Tena anataka kaka yake mkubwa, aliyeko Lamu, ajue kwanza.

Sasa daktari ana kitu cha kujibu, na ajibu kwa ukweli. Asimwahidi kwamba mambo yataishia kwenye vidole, maana kama damu haifiki vizuri mguuni, kidonda cha upasuaji chenyewe kinaweza kukataa kupona. Anachoweza kusema ni hiki: "Baba, aliyoyapata jirani yako hutokea, sitakuficha. Lakini vidole hivi vimekwisha kufa, na usaha uko chini yake, unapanda. Tukiviondoa sasa, nafasi ya kuuokoa mguu ni kubwa kuliko tukingoja. Ukienda navyo nyumbani, uchafu huo unaweza kuingia kwenye damu katika siku chache. Hapo unaweza kupoteza mguu chini ya goti, na unaweza kufa."

Neno "kufa" litamkwe. Wengi wetu huona haya kulitaja mbele ya mgonjwa, hasa mtu mzima, tukasema "matatizo" au "madhara makubwa". Mtu hawezi kupima hatari aliyofichwa jina lake. Lakini lisemwe mara moja, kwa sauti ya kawaida, na lifuatwe na kimya cha kumpa nafasi. Likirudiwa kila dakika linageuka kitisho, na mtu akitishwa huacha kusikiliza.

Baada ya hapo mgonjwa aombwe arudie kwa maneno yake: "Nataka kujua kama nimekueleza vizuri. Ukifika nyumbani, mama watoto akikuuliza daktari amesema nini, utamjibuje?" Akijibu, "Wamesema vidole vimeoza, sumu inaweza kupanda ikaniua, lakini mimi bado sitaki kukatwa," huyo ameelewa. Uamuzi wake unaweza kumuudhi daktari, ila ni wake. Akijibu kwamba hana ugonjwa wowote, au hajui yuko wapi, mambo yanabadilika. Homa kali na usaha mwilini huvuruga akili. Insulini nayo inaweza kuishusha sukari mpaka mtu akaropoka. Kwa hiyo kabla ya fomu yoyote sukari ipimwe upya, na daktari aandike kwamba mgonjwa anaelewa alichoambiwa, anakikumbuka, anaweza kukipima na kutoa jibu lisilogeuka kila dakika. Asiye katika hali hiyo hawezi kutia sahihi ya kuondoka. Kwanza hutibiwa kile kilichomvuruga.

Kaka wa Lamu apigiwe simu, hata ikibidi mpango wa upasuaji usubiri saa chache huku dawa za mshipani zikiendelea. Huo ndio utaratibu wa familia nyingi na hakuna haja ya kupigana nao. Hata hivyo kaka hawezi kutia sahihi badala ya mtu mzima mwenye akili timamu, wala mke hawezi, wala mwanawe anayelipa bili. Mtoto mdogo ni habari nyingine: mzazi akikataa matibabu yatakayookoa uhai wa mtoto, hospitali humwita afisa wa watoto na jambo linaweza kufika mahakamani.

Tuseme kaka amesikiliza na mzee bado ameshikilia msimamo. Kabla ya kumtoa, kuna swali linalosahaulika: anakataa nini hasa? Akiulizwa, anasema anakataa kisu. Dawa hajakataa, wala kusafishwa kidonda. Basi kidonda kisafishwe kabla hajaondoka, apewe antibayotiki za kumeza na mpango wa insulini, na apangiwe zahanati iliyo karibu ya kufungwa kidonda kila siku. Ni matibabu pungufu, na aambiwe hivyo waziwazi, lakini ni bora kuliko kumtoa mikono mitupu. Kumnyima mtu dawa kwa kuwa amekataa upasuaji ni adhabu, na hakuna sheria inayomruhusu daktari kuitoa.

Fomu yake, ikiandikwa kwa haki, itasomeka hivi:

"Nimeelezwa kwa Kiswahili kwamba vidole viwili vya mguu wangu wa kulia vimeoza kwa sababu ya kisukari na usaha umeingia kwenye unyayo. Nimeshauriwa nibaki hospitalini, nipewe dawa za mshipani, na vidole hivyo viondolewe. Nimeelezwa kwamba nikiondoka, sumu inaweza kuingia kwenye damu katika siku chache, naweza kupoteza mguu, na naweza kufa. Nimeuliza maswali na kujibiwa. Nimekataa kukatwa vidole na kuendelea kulala hospitalini. Sikukataa dawa wala kusafishwa kidonda. Nimepewa dawa za kwenda nazo na tarehe ya kurudi. Najua naweza kubadili nia na kurudi saa yoyote, nami nitapokelewa."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Ile fomu ya zamani humfanya mtu aamini amejifungia mlango, kwa hiyo hurudi akiwa hoi, au harudi kabisa.

Kama hajui kusoma, asomewe yote kwa sauti na shahidi asiyekuwa yule aliyetoa maelezo, ndipo atie kidole gumba. Saa iandikwe pamoja na tarehe. Katika faili daktari aandike sababu kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, yale ya jirani aliyekatwa mara tatu, kuliko kuandika tu "mgonjwa amekataa". Na akikataa hata kutia sahihi? Iandikwe kwamba alielezwa na kwamba hakutaka kutia sahihi, shahidi athibitishe, mzee aende. Hawezi kuzuiliwa kwa ajili ya karatasi.

Anaondoka na nakala, pamoja na ukurasa mmoja wenye dalili za kumrudisha mara moja: homa au kutetemeka, wekundu au uvimbe unaopanda mguu, harufu inayozidi, kutapika, kupumua kwa kasi, kuchanganyikiwa. Ukurasa huo asomewe na mke wake pia, akikubali, kwa sababu anayechanganyikiwa hajitambui. Kesho yake muuguzi apige simu.

Siku ya tatu mzee anarudi usiku, mguu umevimba hadi kwenye goti. Wa mapokezi asome faili, aanze dripu na antibayotiki, asianze na lawama. Lakini ile karatasi ya juzi haimwambii chochote kuhusu leo. Mzee alikataa kuondolewa vidole viwili, na sasa huenda kinachohitajika ni mguu chini ya goti. Hayo ni maelezo mapya na hatari mpya, na atatakiwa aulizwe upya. Huenda akakubali, huenda akakataa tena.