Mji juu ya nguzo: kwa nini njia ni ngumu kuliko nyumba

Anayetoka Kagarama, wilayani Kicukiro, kwenda katikati ya Kigali hushuka kilima, huvuka bonde, kisha hupanda kilima kingine. Katika bonde la Gikondo palikuwa na viwanda kwa miaka mingi. Viwanda hivyo vimeondolewa, na eneo linarejeshwa kuwa ardhi oevu. Mji wenye uhaba wa viwanja umeacha wazi ardhi tambarare iliyo karibu kabisa na katikati yake, na wengi huuliza kama haikuwezekana kujenga juu ya nguzo na kuyaacha maji yapite chini.

Kwa upande wa nyumba peke yake, inawezekana. Ganvié, nchini Benin, ni mji wa maelfu ya watu ulio juu ya nguzo za miti katika ziwa Nokoué, karibu na Cotonou. Watu wa kabila la Tofinu walihamia humo karne kadhaa zilizopita wakiwakimbia watekaji wa watumwa, na hadi leo soko, misikiti na makanisa yao yako juu ya maji.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mita 6 kwa 8. Ikijengwa kwa mbao na bati, uzito wake pamoja na watu na vyombo vyao ni kama tani 24. Ikisimama juu ya nguzo 12, kila nguzo hubeba tani 2. Udongo wa bondeni ni laini, na mara nyingi mwamba uko mbali chini, kwa hiyo nguzo haikanyagi kitu kigumu: hushikwa na msuguano wa udongo ubavuni mwake. Katika mfinyanzi laini, nguzo yenye unene wa sentimita 25 hupata takribani tani 1 ya msuguano kwa kila mita iliyozama. Wahandisi hupenda kuwa na angalau mara mbili ya uwezo unaohitajika, hivyo nguzo hii inahitaji kuzama mita 4 katika mfinyanzi. Tabaka la juu lenye mboji ya mafunjo na majani yaliyooza halihesabiwi hata kidogo, kwani halishiki kitu.

Sasa nyumba hiyo hiyo ijengwe kwa tofali za kuchoma, ambazo wakazi wengi wa Kigali huzihesabu ndiyo nyumba halisi. Kuta zinaongeza kiasi cha tani 45. Kila nguzo inabeba karibu tani 6, na kina kinafika mita 12. Mti wa kawaida hautoshi tena. Inatakiwa zege na mtambo wa kushindilia, na gharama iliyo chini ya sakafu inaanza kushindana na iliyo juu yake. Ndiyo maana miji ya nguzo duniani kwa kawaida ni miji ya vitu vyepesi: mbao, mianzi, bati na makuti.

Nguzo za mti zina ugonjwa wao. Sehemu iliyozama daima hudumu sana, kwa sababu kuvu wanaoozesha mti wanahitaji hewa. Sehemu iliyo hewani hukauka. Inayooza ni ile inayolowa na kukauka kwa zamu, pale usawa wa maji unapopanda na kushuka. Katika bonde la mafuriko usawa huo hubadilika kila msimu. Mwenye nyumba hutambua kwa kuchoma kisu katika nguzo kwenye mstari wa maji: kikizama bila nguvu, nguzo imekwisha, hata kama juu na chini inaonekana nzima.

Tatizo kubwa, hata hivyo, linaanzia mlangoni. Ganvié iko ziwani, kwa hiyo mtumbwi ndio basi, gari la mizigo na duka linalotembea. Mabonde ya Kigali si ziwa. Mvua inaponyesha, mapaa na lami za vilimani humwaga maji kwa kasi. Bonde hujaa kwa saa chache, kisha maji hushuka na kuacha tope. Tope hilo halipitishi mtumbwi wala pikipiki. Basi njia nayo lazima iwe juu ya nguzo, na hapo hesabu inageuka.

Ikiwa sakafu iko mita 3 juu ya ardhi, mteremko ambao mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuupanda, yaani mita 1 kwa kila 12, unahitaji urefu wa mita 36. Njia ya waenda kwa miguu inaweza kuwa ya mbao. Lakini gari la zimamoto, gari la wagonjwa na basi vinahitaji daraja kamili, tena mtaa mzima na si mahali pa kuvukia tu. Maji taka nayo hayawezi kuingia shimoni, kwa sababu mafuriko huyafukua mashimo ya choo. Mabomba yanapaswa kuning'inia chini ya njia hiyo hiyo. Nyumba moja juu ya nguzo inaweza kuwa mradi wa familia. Mtaa wa nyumba za namna hiyo ni mradi wa serikali.

Dar es Salaam imelipitia jambo hili kwa vitendo. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwaka 2016, na karakana yake ikawekwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Mto ulipofurika, karakana iliingia maji, na barabara ya Morogoro ilifungwa mara kwa mara. Mpango uliotolewa mwaka 2019, ambao baadaye ulipata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia, haukuchagua mji wa nguzo. Ulichagua kuinua njia tu: daraja jipya refu la Jangwani, ili mto upite chini yake. Kwa makazi ulichagua kuchimba mto upanuke na kutumia udongo wake kuinua kingo pembeni, huku katikati ikiachwa kuwa bustani inayoruhusiwa kufurika.

Kuchimba ndiyo sehemu inayosahaulika kwa urahisi. Anayejaza kifusi bondeni bila kupanua mto anahamishia maji kwa jirani aliye chini. Nguzo hazina kosa hilo kwa kiasi kikubwa, mradi ziwe mbali vya kutosha. Zikikaribiana, hunasa matawi na plastiki, na mtaa unakuwa bwawa. Aidha, maji yanayozunguka nguzo huchimba udongo kwenye shina lake, na shimo hilo linaweza kupita unene wa nguzo mara mbili. Baada ya kila mafuriko makubwa kinachokaguliwa kwanza ni shimo hilo, kabla ya sakafu.

Linabaki swali la kiwango cha maji. Wapangaji wengi hutumia mafuriko yenye uwezekano wa 1 katika 100 kila mwaka, kisha huongeza nafasi kidogo. Kwa masikio ya mnunuzi hiyo ni salama. Lakini nyumba hukaliwa miaka 30, na katika muda huo uwezekano wa kuyapata mafuriko hayo angalau mara moja ni takribani asilimia 26, ikiwa mvua na mapaa ya vilimani vitabaki kama vilivyopimwa. Kila paa jipya linaloongezwa Kagarama na vilima vingine huongeza maji yanayoshuka.