Mng'ao Hufuta, Kivuli Huficha

Cheti cha kuzaliwa kilichopigwa leminesheni hakilowi wala hakichakai upesi. Lakini ukikipiga picha kwa simu ili kompyuta iyasome maandishi yake, plastiki hiyohiyo inayokilinda ndiyo inayoleta taabu. Flashi huacha doa jeupe katikati, vidole huangusha kivuli pembeni, na namba ya cheti hutoka ikiwa na tarakimu pungufu. Wengi huyaona haya mawili kuwa kasoro moja. Ukweli ni kwamba tiba zake ni tofauti kabisa.

Karatasi tupu huutawanya mwanga kila upande, ilhali plastiki laini huurudisha kama kioo. Flashi ya simu imekaa karibu sana na lenzi, hivyo ukiishika simu wima juu ya cheti, mwanga wake hurudi moja kwa moja ulikotoka. Katika picha, kila nukta hupewa kiwango cha mwanga kuanzia 0, yaani giza kabisa, hadi 255, weupe wa mwisho. Chini ya mng'ao mkali, wino na karatasi vyote hufika 255. Tofauti baina yao imepotea, na bila tofauti hiyo hakuna herufi ya kurudisha.

Kivuli cha kidole hakifanyi hivyo. Chenyewe hupunguza tu mwanga. Tuseme mahali penye nuru karatasi ina 230 na wino 46. Kivuli kikipunguza viwango hivyo kwa nusu, karatasi inakuwa 115 na wino 23. Programu ya kusoma maandishi ikiamua kwamba kila kilicho chini ya 120 ni wino, eneo lote la kivuli litageuka jeusi. Hata hivyo, gawanya 46 kwa 230, kisha 23 kwa 115: jibu ni 0.2 pote pawili. Herufi ipo, salama.

Ndiyo maana kivuli huondolewa kwa kugawanya. Kwanza kompyuta hukadiria karatasi ingeonekanaje bila maandishi: kila nukta huchukua weupe mkubwa kuliko wote wa jirani zake, mistari myembamba ya wino humezwa, kisha matokeo hulainishwa. Picha halisi hugawanywa kwa makadirio hayo, nukta kwa nukta, na karatasi hutoka na weupe unaolingana. Ujirani huo uwe mpana kuliko unene wa herufi. Ukiwa mdogo mno, herufi nene hubaki na matundu ndani. Ukiwa mkubwa mno, ukingo wa kivuli hubaki kama mstari mweusi. Kidole chenyewe ni jambo jingine, kwani kilichofunikwa hakikupigwa picha.

Kwa mng'ao, dawa ni picha ya pili. Chukua namba ya cheti iliyoliwa tarakimu mbili za katikati. Zima flashi, sogea karibu na dirisha, piga picha, kisha sogeza simu pembeni kidogo na upige nyingine. Doa litahama, tarakimu zilizofichwa mwanzo zitaonekana sasa. Kompyuta hutafuta alama zinazofanana katika picha zote mbili, kama vile pembe za fremu na ncha za herufi, kisha huinyoosha moja hadi ilale sawasawa juu ya mwenzake. Baada ya kuondoa vivuli katika kila picha, huchagua kiwango cha chini zaidi kwa kila nukta:

```
safi = np.minimum(picha1, picha2)
```

Kwa kuwa mng'ao huongeza mwanga tu, kiwango cha chini ndicho kilicho karibu na ukweli. Mpangilio wa hatua una maana: vivuli visipoondolewa kwanza, kanuni hiyohiyo itavikusanya vya picha zote mbili. Programu ya PhotoScan ya Google, iliyotoka mwaka 2016, hupiga picha kadhaa kutoka pembe mbalimbali kwa sababu hiyohiyo.

Ulinganishaji huo hudhani karatasi ni bapa. Leminesheni iliyojikunja au yenye mapovu huuvunja, nawe utautambua kwa herufi zenye kingo mbilimbili. Kilaze cheti mezani na ukikandamize kwenye pembe zisizo na maandishi.

Zipo pia zana zinazoziba doa jeupe kwa kubuni kilichokuwa chini yake kutokana na yaliyo jirani. Kwa picha ya harusi, sawa. Kwa cheti ni hatari, maana tarakimu ya kubuni husomeka vizuri kabisa na hakuna atakayeishuku. Nukta zilizofika 255 katika picha zote ziachwe wazi na kuwekewa alama, ili mtu aende kuzisoma kwenye cheti chenyewe. Kwa hiyo, kabla hujamrudishia mwenye cheti karatasi yake, kuza picha zako mbili uangalie kama kila tarakimu inasomeka walau katika mojawapo.