Kompyuta na Kiswahili (5): Ritifaa ya Nyang'hwale

Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza Novemba 2021 na ambayo huangukia Julai 7, imekaribia tena, na redio zimeshaanza mashairi na hotuba. Mimi macho yangu yako kwenye orodha ya wafugaji iliyobandikwa nje ya steshenari moja hapa Nyahanga. Kila palipopaswa kuandikwa Nyang'hwale, ile wilaya ya Geita, pameandikwa Nyangâ€™hwale. Ng'ombe nao wamegeuka ngâ€™ombe, na watu wanapita wakicheka.

Waliofuata makala zilizotangulia wanajua kwamba faili ni mfuatano wa baiti tu, na usimbaji ndio unaosema baiti ipi ni herufi ipi. Herufi za Kiswahili sanifu zimo zote katika ASCII ya miaka ya 1960, kwa hiyo ukurasa wetu husomeka vizuri hata kompyuta ikikosea usimbaji. Kinachotuponza hasa ni ritifaa, nayo ina historia yake.

Mwaka 1927, taasisi ya lugha na tamaduni za Afrika iliyoundwa London mwaka mmoja kabla ilipendekeza sauti ya ng' iandikwe kwa herufi moja, ŋ. Waganda waliichukua. Kiswahili hakikuichukua: Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ilisanifisha maandishi yaliyobaki na ng', na taipureta yoyote ya karani wa wilaya ilikuwa na kitufe cha ritifaa. Nasema walichagua vyema. Leo Waganda wengi nao huchapa ng', kwa kuwa ŋ haionekani kwenye kibodi. Kwetu Usukumani ritifaa hiyo ina kazi mara mbili, maana majina yetu yamejaa ng'w na ng'h. Anayeifuta amelifuta jina la mtu, na sioni kwa nini ofisi ziendelee kulichukulia hilo kama jambo dogo.

Kilichoharibu mambo ni Word. Ukichapa ritifaa iliyonyooka, yenyewe huipinda ikawa ’, alama nyingine kabisa. Iliyonyooka ni baiti moja. Iliyopinda, katika UTF-8 waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni baiti tatu: E2, 80 na 99. Skripti ya Python kwenye Windows, usipoiambia usimbaji, kwa kawaida husoma faili kwa cp1252, ambamo kila baiti husomwa peke yake: E2 ni â, 80 ni €, 99 ni ™. Ndiyo hayo matatu yaliyoko ukutani. Ukiyaona yamefuatana hivyo, mara nyingi faili lenyewe ni zima. Aliyekosea ni msomaji. Tiba ni neno moja:

```
f = open("orodha.txt", encoding="utf-8")
```

Wakati mwingine skripti husimama kabisa na kulalamika kuhusu `0x9d`. Hiyo ni baiti ya mwisho ya alama ya kufunga nukuu, ”, ambayo cp1252 haina herufi yake. Tiba ni ileile. Ikilalamikia `0x92` huku ukisoma kwa UTF-8, basi mambo yamegeuka: faili lilihifadhiwa kwa cp1252, nawe uandike `encoding="cp1252"`.

Kazi ngumu ni pale mtu aliposoma vibaya kisha akahifadhi. Hapo vinyago vimeshaingia ndani ya faili, na kusoma kwa UTF-8 hakutavitoa. Inabidi kurudi kinyumenyume, mstari kwa mstari:

```
s = s.encode("cp1252").decode("utf-8")
```

Nyangâ€™hwale hurudi kuwa Nyang’hwale. Lakini usiupitishe hapo mstari ambao tayari una ’ safi, maana utagoma: ritifaa hiyo itageuka baiti 92, ambayo haisimami peke yake katika UTF-8. Na ukikuta � imeshahifadhiwa mahali pa ritifaa, baiti zenyewe zimeshapotea; itabidi kutafuta orodha ya awali, au kumuuliza mwenye jina.

Kijana wa steshenari alitaka kutumia kutafuta-na-kubadilisha, afute â€™ zote abaki na Nyanghwale. Nilimkatalia, na nitawakatalia wote wafanyao hivyo. Hata baada ya kusoma sawasawa kuna hatua moja, kwa sababu anayetafuta Nyang'hwale kwa ritifaa iliyonyooka hataipata yenye iliyopinda. Kwa kompyuta hizo ni wilaya mbili. Kabla ya kuhifadhi, zote zinyooshwe:

```
s = s.replace("’", "'")
```

Orodha mpya imechapwa juzi. Wiki ijayo nitaeleza kwa nini Excel hulifungua faili hilohilo la UTF-8 na kuvirudisha vinyago vilevile.