Hawajambo, Ila Mdogo Ana Homa

Kijijini mama hatakuambia kwamba mwanawe anaumwa kabla hajakuambia kwamba hajambo. Utamuuliza, "Watoto hawajambo?" Atajibu, "Hawajambo." Atanyamaza kidogo, atahamisha ndoo kutoka mkono huu hadi mwingine, kisha atasema, "Ila huyu mdogo ameamka na homa." Asiyezoea anaweza kudhani jibu la kwanza lilikuwa uongo. Mwenyeji hadhani hivyo, kwa sababu anajua habari yenyewe hukaa baada ya "ila", na kwamba ukiondoka kabla ya kuifikia umeondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo wengi wetu tunaokulia mijini tunapokosea kuhusu salamu ndefu za kijijini. Tunasikia maswali yale yale na majibu yale yale, za kuamka, za nyumbani, za watoto, za shamba, tukaona ni adabu tu, kitu kizuri kwa mtu mwenye muda. Hata wasomi walilionea hivyo. Mwaka 1923 Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia aliyekuwa ameishi kwenye visiwa vya Trobriand karibu na Guinea Mpya, aliandika kwamba maneno ya namna hii hayapo kwa ajili ya kupeana habari. Kazi yake ni kuwaunganisha watu kwa kule kusemeshana kwenyewe. Mwaka 1997 Alessandro Duranti, aliyefanya utafiti Samoa, akaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo: Wasamoa husalimiana kwa kuuliza "Unakwenda wapi?", na anayeulizwa hutarajiwa kujieleza kweli. Mimi nipo upande wa Duranti, na ningemwalika kisimani katika kijiji chochote cha Tanzania bara saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Sikiliza mazungumzo ya kawaida kabisa. Mke wa kijana mmoja anapita mbele ya nyumba ya bibi jirani akienda kuteka maji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Za kuamka?"

"Nzuri. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na baba yao?"

"Yupo, mzima, katangulia shamba."

"Na mama mkwe?"

"Anaendelea."

"Ah. Bado ile miguu?"

"Bado, bibi. Tangu ile wiki ya mvua."

"Pole. Mpe pole sana."

"Zimefika."

Hayo yote hayazidi dakika moja, na mama yule huenda hata hakusimama. Jibu la mwisho alilitoa akiwa ameshampa bibi kisogo. Lakini tazama bibi amebaki na nini. Watoto wametajwa kwa pamoja na bila "ila", kwa hiyo hakuna anayeumwa. Mume yupo na ameenda shamba, kwa hiyo ile habari kwamba aliondoka kutafuta kibarua si ya kweli. Mama mkwe hakuitwa mzima, kaitwa "anaendelea", na neno hilo husemwa juu ya mgonjwa tu. Miguu imemsumbua tangu wiki ya mvua, maana yake si uchovu wa juzi. Kabla ya mchana bibi atakuwa amemwambia mwanamke wa nyumba ya tatu, na jioni mtu atapita kumwona mgonjwa, pengine na kuni, pengine na majani ya mchaichai.

Majibu yanayofanana masikioni mwa mgeni yana ngazi zake. "Wazima" na "nzuri" ndiyo kawaida, na huwa yanatoka haraka. "Tunamshukuru Mungu" likitoka haraka ni kawaida vilevile, lakini likitanguliwa na pumzi ndefu lina jambo ndani yake. "Si haba" ni la mtu anayejitahidi. "Hivyo hivyo" linaomba swali la pili, na mwenye adabu hulitoa swali hilo hapo hapo: "Kuna nini tena?" Ndiyo maana maswali lazima yawe yale yale kila siku. Bibi aliyesikia "nzuri" ya nyumba ile kila asubuhi anaijua sauti yake, na siku "nzuri" ikija imechelewa nusu pumzi, anaitambua. Angekuwa anauliza maswali mapya kila siku asingekuwa na cha kulinganishia.

Kwa nini kijiji kihitaji kazi hii? Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ukilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Zahanati nyingi zimejengwa, lakini vijiji visivyo nayo bado vipo, na penye zahanati mgonjwa mzito bado hupelekwa mbali, kwa bodaboda au kwa machela. Safari hiyo haiandaliwi na mtu mmoja. Anahitajika mwenye pikipiki, mwenye fedha ya mkononi, wa kubaki na watoto, wa kubeba. Watu wanne au watano wanaojua tangu juzi kwamba nyumba ile ina mgonjwa huitika haraka kuliko wanaoshtushwa usiku wa manane. Kwa mzee anayeishi peke yake salamu ni daftari la mahudhurio kabisa. Mpita njia asipoitikiwa kutoka kwenye nyumba ambayo huitikia kila asubuhi, hapiti; anabisha hodi.

Kazi nyingine ya salamu haizungumzwi sana, nayo naiona ni ya kiungwana kuliko zote: humwezesha mtu kukataa kabla hajaombwa. Chukua mwanamume anayetaka kukopa fedha za mbolea. Anafika kwa shemeji yake jioni, anabisha hodi, anakaribishwa, anapewa kigoda na maji. Hatataja fedha. Ataulizwa habari za nyumbani, naye atauliza za wenyeji, moja moja, bila haraka. Akisikia, "Wazima, ila huyu binti kachaguliwa kidato cha kwanza, tunahangaika na sare na godoro," ameshapata jibu la swali ambalo hajauliza. Atasema "Hongereni sana, na poleni kwa pilikapilika," atazungumza kidogo juu ya mvua, kisha ataaga. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyenyima, na kesho watakutana njiani bila aibu. Angeanza na shida yake mlangoni, shemeji angelazimika kutamka neno "sina", na baina ya watu watakaozikana neno hilo ni zito.

Mwenyeji naye hulijua jambo hilo na kulitumia. Akiwa na uwezo wa kusaidia, hataja sare wala godoro, atajibu "wazima tu," atanyamaza, na ukimya ule ndio nafasi ya mgeni kusema, "Sasa shemeji, nimekuja na neno."

Maofisa na watafiti wanaofika na makaratasi huumizwa hapa bila kujua. Bwana shamba anayeuliza kuhusu viwavijeshi kabla hajauliza kuhusu watu hupewa majibu, tena mengi, na yote ni "ndiyo" na "tunashukuru". Dalili ya kwamba hakusalimu vya kutosha ni hiyo hiyo: kila mtu anakubaliana naye. Akiona hivyo, heri afunge daftari na kuanza upya na za watoto. Na huko kwenye watoto kuna mpaka. Wazee wengi hawapendi watoto wao wahesabiwe, na salamu hulizingatia hilo. Huuliza kama watoto hawajambo, haiulizi ni wangapi. Karani wa sensa hana ujanja, ni lazima aulize idadi. Katika Sensa ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, karibu theluthi mbili wakiwa vijijini, makarani waliuliza nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Swali hilo halikuwa geni kijijini. Jirani huliuliza kila siku, ila yeye hulianzia kwenye "mmeamkaje".

Taratibu hizi zinatofautiana kwa lugha na mkoa. Msukuma huanza na "Mwangaluka" asubuhi na "Mwadila" baadaye, Mhehe na Mbena husema "Kamwene", na penye Waislamu wengi "Asalamu alaikumu" hutangulia yote. Kinachofuata hufanana mno: hali, nyumba, watoto, wazee, shamba au mifugo, kisha neno la safari.

Nisiipambe kupita kiasi. Mzigo wa salamu haugawanywi sawa. Mke mgeni hupimwa kwa namna anavyosalimu, na akipita bila kuinama mara moja tu, habari humtangulia nyumbani kwa mama mkwe. Mwenye deni huzunguka njia ya nyuma ili asiulizwe za siku nyingi. Yapo pia mambo ambayo salamu haiyafikii, kama kipigo cha ndani, au ugonjwa ambao mtu anaogopa kunyooshewa kidole kwa ajili yake. Hayo hujificha vizuri sana nyuma ya "nzuri", na bibi hodari kuliko wote pale kisimani anaweza asiyasikie mwaka mzima. Tena habari inayobebwa kwa wema asubuhi inaweza kuwa umbeya jioni.

Kunyimana salamu nako ni kauli. Ukisikia "wale hawasalimiani", umeambiwa kuna ugomvi uliokomaa, wa mpaka wa shamba mara nyingi, au wa mifugo iliyoingia kwenye mahindi. Wazee wakikaa kusuluhisha hutaka kujua kwanza kama watu hao wanasalimiana. Kama salamu ipo, ugomvi bado mchanga. Kama haipo, suluhu yenyewe itamalizika kwa kuwataka wasalimiane mbele ya mashahidi, na wiki zinazofuata majirani wataangalia kama wanaendelea.

Sasa wewe unayekwenda nyumbani Desemba. Kosa linalowapata wengi wanaotoka mjini si kusahau shikamoo. Hilo kila mtu analikumbuka. Ni kumsalimu kwa furaha mtu aliyefiwa mwezi wa nne, bila kumpa pole. Kijijini pole ya msiba haiishi muda wake: hutolewa siku mnapoonana kwa mara ya kwanza, hata kama imepita miezi minane, na isipotolewa hukumbukwa. Kwa hiyo, usiku ule ule unaofika, kabla hujatoka nje, kaa na mama au shangazi umwulize nani amefiwa, nani ameugua, nani amepata mtoto, na nani hasalimiani na nani. Kesho yake utajua kila mlango uuingie na salamu ipi.