Sinki Linavuja Juu, Linadondoka Chini

Kabati lililo chini ya sinki la kunawia mikono, nyumbani kwa dada yangu Tanga, lilikuwa limevimba sakafu yake kama andazi. Mafundi wawili walikwisha kuja. Wote walibadilisha trapu, ile chupa ya plastiki inayozuia harufu, na wote waliondoka bomba likiwa kavu. Baada ya siku tatu matone yalirudi.

Fundi wa tatu, mzee wa makamo, hakugusa spana. Aliomba karatasi za chooni. Aliziba tundu la sinki kwa kizibo, akajaza maji nusu, akapangusa kila kitu chini hadi kikakauka, kisha akazungushia karatasi kila kiungo. "Tukae kidogo, mama," akamwambia dada. Robo saa baadaye karatasi iliyozungushiwa nati kubwa chini ya sinki ilikuwa imelowa, na kizibo hakijaguswa bado. Ikiwa kizibo kimebana, hakuna maji yanayopita ndani ya bomba. Basi trapu haina kosa; maji yanapita pembeni mwa westi.

Westi ni kile kipande cha bomba, kwa kawaida cha inchi moja na robo, kinachopita kwenye tundu la sinki. Juu kina kola pana, ile duara inayong'aa unayoiona ukinawa. Chini kina uzi, ambao hubeba washa nene ya mpira, kisha washa ya plastiki, kisha nati inayokaza vyote dhidi ya kauri. Sinki lenye tundu dogo la kupunguzia maji karibu na ukingo hutumia westi yenye madirisha ubavuni, ili maji ya tundu hilo yaingie bombani.

Kola ikiachia, maji hupenya kati ya westi na kauri. Penye madirisha, sehemu kubwa huingia humo na kwenda zake, na dalili pekee ni kwamba sinki lililozibwa linapungua maji polepole. (Lakini hakikisha kwanza kizibo chenyewe si kibovu.) Yanayobaki hukutana na mpira wa chini. Mpira ukiwa mzima, hakuna tone. Ukiwa umekauka, maji hufuata uzi, hujikusanya kwenye nati, hutiririka hadi trapu, na hapo ndipo kila mtu huona tone na kulaumu trapu.

Kumbe westi ya dada ilikuwa na makosa mawili. Fundi mmoja wa awali alipaka silikoni kuzunguka ukingo wa kola kwa nje, juu ya unyevu. Ilibanduka kama utepe. Silikoni haishiki penye maji, wala haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu. Na mpira wa chini ulikuwa mgumu kama soli. Ubonyeze kwa ukucha: ukiacha alama isiyorudi, umekwisha. Nenda nao dukani ulinganishe kipenyo na unene.

Mzee alifungua trapu juu ya ndoo, akalegeza nati, akaisukuma westi juu. Akakwangua kila masalia, akafuta kauri kwa spiriti na kuiacha ikauke kabisa. Hapo kuna uamuzi. Kama kiti cha kola ni laini na sawa, washa mpya ya mpira inatosha. Kauri ikiwa na mabonde, tumia silikoni. Usiviweke vyote pamoja chini ya kola, kwa sababu silikoni mbichi ni utelezi, na mpira ukikazwa juu yake huchomoka pembeni. Sinki hili lilikuwa na mabonde, akaweka mstari mwembamba wa silikoni chini ya kola, mbali na madirisha, kwani likizibwa dirisha tundu la juu halitasaidia siku bomba litakapoachwa wazi.

Chini ulirudi mpira mpya, na silikoni kidogo kwenye uzi mahali mpira unapokaa. Kukaza ndiko kunakoharibu wengi. Westi ikizunguka, silikoni inararuka. Hivyo yeye aliishika kwa juu huku akizungusha nati kwa mkono, kisha robo mzunguko tu kwa spana. Zaidi ya hapo kauri hupasuka. Kwa sinki la marumaru, omba silikoni isiyonuka siki, kwa kuwa ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayodhuru jiwe hilo.

Alikataza maji kwa saa 24. Kesho yake dada alirudia jaribio la karatasi mwenyewe, akazitoa kavu. Ubao wa kabati ndio uliobaki kubadilishwa, na ulimgharimu zaidi ya westi nzima.