Nguzo Ipite, Kisiwa Kitulie

Anayeiandikia programu ya kutengeneza video "kamera isogee pembeni taratibu" mara nyingi hupata picha bapa: kila kitu kinateleza pamoja kama bango linalovutwa. Maelezo yake hayakutaja umbali.

Jicho husoma kina kwa tofauti ya mwendo. Kamera ikisogea kidogo kwenda kulia, nguzo iliyo mita 2 mbele yake huhama kwenye fremu mara 10 zaidi ya mashua iliyo mita 20. Kisiwa kilicho kilomita 2 huonekana kimesimama. Studio ya Disney ilitumia kanuni hiyo mwaka 1937, ikipanga vioo vilivyochorwa kwa tabaka chini ya kamera na kusogeza kila tabaka kwa kasi yake.

Kwa hiyo kila tabaka lipewe kitu na mwendo wake:

"Kamera inateleza polepole kwenda kulia bila kugeuka. Nguzo ya gati iliyo karibu inapita haraka kuelekea kushoto. Nyuma yake, mashua iliyotia nanga inasogea kidogo. Kisiwa cha mbali kimetulia."

"Bila kugeuka" ndiyo maneno yenye uzito zaidi. Kamera ikizunguka mahali pake, vitu vya karibu na vya mbali huhama kwa pamoja, na kina hupotea. Nanga nayo ina kazi: mashua inayosafiri huleta mwendo wake na kuvuruga hesabu.

Video ikitoka, itazamwe nafasi kati ya nguzo na mashua. Isipobadilika, tabaka zimegandana.