Saketi Inayodanganya kwa Nanosekunde Nane

Chukua saketi ndogo inayolinda mtambo wenye vyanzo viwili vya umeme, gridi na betri. Waya A hubeba 1 gridi ikiwa salama, na waya B hubeba 1 betri ikiwa salama. Waya wa tatu, S, ndio unaochagua: S ikiwa 1 tunasikiliza gridi, S ikiwa 0 tunasikiliza betri. Tokeo F likiwa 1, mtambo unaendelea na kazi. Likishuka kuwa 0, kumbukumbu zote za mtambo zinafutwa na kazi inaanza upya. Kwa hesabu ya mantiki tunaandika hivi:

```
F = S·A + S'·B
```

Alama S' ni kinyume cha S. Geti moja la SIYO linatengeneza kinyume hicho, mageti mawili ya NA yanatengeneza sehemu mbili za fomula, na geti la AU linaziunganisha. Ukiipima saketi hii kwa mita, ukipitia hali zote nane za A, B na S, utakuta kila jibu ni sahihi. Hata hivyo mtambo unazimika na kuwaka upya mara moja moja, na jambo la kushangaza ni kwamba hufanya hivyo tu unapohama kutoka gridi kwenda betri. Ukirudi kutoka betri kwenda gridi hakuna kinachotokea.

Chanzo chake ni kwamba hakuna geti linalojibu papo hapo. Katika chipu za jamii ya 74HC zinazotumia volti 5, geti moja huchukua takriban nanosekunde 8 kupitisha badiliko, yaani sehemu 8 za bilioni ya sekunde. Tuseme gridi na betri zote ziko salama, A ni 1 na B ni 1, kisha S inashuka kutoka 1 kwenda 0. Fomula inasema F ibaki 1 kabla na baada. Sasa ifuate safari yenyewe. Baada ya nanosekunde 8, geti la S·A limeshashuka kuwa 0, kwa sababu S inaingia humo moja kwa moja. Wakati huohuo S' ndiyo kwanza inapanda, kwa kuwa ilibidi ipite kwenye geti la SIYO. Geti la S'·B linapanda kuwa 1 katika nanosekunde ya 16. Kwa hiyo kati ya nanosekunde ya 8 na ya 16, mageti yote mawili ya NA yanatoa 0. Ni kama mbio za kupokezana vijiti ambapo mkimbiaji wa kwanza ameachia kijiti kabla wa pili hajakishika. Geti la AU nalo linachelewa nanosekunde 8, basi F inashuka kuwa 0 katika nanosekunde ya 16 na kurudi 1 katika ya 24.

Mpigo huo wa uongo ndio wahandisi wanaouita hatari tuli: tuli kwa sababu tokeo lilipaswa kutulia, hatari kwa sababu njia ya mpigo imo ndani ya mchoro hata siku usipojitokeza. Sasa geuza safari, S ipande kutoka 0 kwenda 1. Sehemu ya S·A inawaka katika nanosekunde ya 8, ilhali S'·B inazimika katika ya 16. Zinapishana, F haitikisiki. Ndiyo maana hitilafu inakuja upande mmja tu, na dalili hiyo peke yake ingetosha kumfanya fundi ashuku geti la SIYO.

Kuukamata mpigo huu kunahitaji chombo kinachofaa. Osiloskopu ya MHz 20 itaufifisha, pengine usiuone kabisa. Ya MHz 100 itauonyesha ukiiambia ianze kuchora pale F inaposhuka. Tena usitegemee kwamba kila mpigo utaleta madhara. Nanosekunde 8 ni fupi kuliko muda ambao watengenezaji wa flipu-flopu za jamii hii huahidi kwamba ufutaji utafanyika, hivyo flipu-flopu moja itafutika, nyingine itapuuza, na ileile inaweza kubadili tabia joto likipanda. Hitilafu ya namna hii humtesa fundi kuliko ile inayotokea kila mara.

Tiba yake inaonekana kwa macho kwenye ramani ya Karnaugh, jedwali ambalo Maurice Karnaugh wa Maabara za Bell alilichapisha mwaka 1953. Nguzo zimepangwa 00, 01, 11, 10 ili kila kisanduku kitofautiane na jirani yake kwa kigezo kimoja tu:

```
         AB
         00  01  11  10
S=0       0   1   1   0
S=1       0   0   1   1
```

Kwenye mstari wa juu tunazungushia duara 1 mbili za nguzo 01 na 11: hiyo ni S'·B. Kwenye mstari wa chini tunazungushia nguzo 11 na 10: hiyo ni S·A. Kila 1 imeshapata duara, na darasani mwanafunzi angeambiwa amemaliza. Lakini itazame nguzo ya 11. Ile 1 ya juu na ile 1 ya chini ni majirani, na hakuna duara moja linalozishika zote mbili. S inapobadilika, saketi inavuka kutoka duara moja hadi jingine, na hapo ndipo pengo lilipo. Hii ndiyo kanuni ya kukagua ramani yoyote ya aina hii: tafuta 1 mbili zinazopakana ambazo hazimo pamoja ndani ya duara lolote.

Tunachora duara la tatu, la wima, kwenye nguzo hiyo. Ndani yake S haina nafasi. Kinachobaki ni A·B:

```
F = S·A + S'·B + A·B
```

Kwa hesabu, sehemu hiyo mpya haiongezi kitu, majibu nane ni yaleyale. Kwa wakati, inaongeza kila kitu: A na B zikiwa 1, geti la A·B linakaa kwenye 1 bila kujali S inafanya nini, na geti la AU halikosi kamwe 1 ya kulishikilia. David Huffman alichapisha kazi yake kuhusu saketi zisizo na hatari za aina hii mwaka 1957. Gharama nayo ni ndogo. Chipu ya 74HC08 ina mageti manne ya NA nasi tulitumia mawili. 74HC32 ina manne ya AU nasi tulitumia moja. Mageti ya ziada yamo tayari, kinachohitajika ni waya chache.

Kinga hii ina mpaka wake. Inafanya kazi kigezo kimoja kinapobadilika kwa wakati. S na A zikibadilika pamoja, ramani haina duara la kukuokoa. Na si kila saketi inaihitaji: pale ambapo tokeo linasomwa na flipu-flopu kwa mdundo wa saa, mpigo huwa umeshakufa kabla saa haijagonga, na kuongeza geti ni kupoteza geti. Mahali pake ni pale tokeo linapoendesha moja kwa moja waya wa saa, wa kufuta, au mzunguko unaojirudia bila saa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Geti la A·B likiharibika na kukwama kwenye 0, majaribio ya hali zote nane bado yatafaulu, kwa kuwa fomula haikulihitaji. Programu za kusanifu chipu nazo huliona ni la ziada na kulifuta zenyewe usipoziamuru liachwe. Kwa hiyo ukiliweka, andika kwenye mchoro, pembeni ya geti hilo, kwamba limewekwa kuzuia mpigo S inaposhuka, na ulijaribu kwa osiloskopu S ikishuka huku A na B zote zikiwa 1.